Mkanda wa Damu ya Mzee

Kuna watu wakimwona mwanamke anashuka ngazi za hospitali na kopo la rangi mkononi, basi wanafikiri anakwenda kupamba. "Mama, tupakie na sisi basi, kuta zetu zimechakaa!" Mama Milia alishawazoea. Aliwajibu kwamba yeye hapaki kuta, anaandika majina, kisha akaendelea na safari yake akawaacha wanacheka. Wacheke tu. Siku bomba likipasuka na watu wakikimbia huku na huku, hakuna anayejua afunge koki ipi, hapo simwoni anayecheka.

Jina la Mama Milia alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ya zile rangi anazozungusha kwenye mabomba na zinazobaki kwenye mikono ya ovaroli yake. Kazi alifundishwa na mumewe, aliyekuwa fundi bomba kwanza na mwekaji alama baadaye. Walifanya pamoja miaka kumi na tisa. Mume anagonga, mke anasikiliza. Mume anapanda ngazi, mke anashika. Walikuwa wakigombana njia nzima kuhusu nani amesahau gundi, na wakifika kazini hawasikiki tena, maana kazi yenyewe ilikuwa ya kusikiliza.

Ukitaka kuijua, si kazi ngumu kuieleza. Jengo kubwa lina mabomba mengi kuliko milango, na mengi yanafanana. Yote ya maji hupakwa kijani kwanza. Kisha juu ya kijani huzungushwa mkanda: wa bluu kwa maji safi ya kunywa, mwekundu wa kuwaka kwa maji ya zimamoto, na kwa maji moto, rangi ile ya damu ya mzee, imebanwa na mikanda miwili myeupe, mmoja kila upande, ili asitokee mtu akaichanganya na nyekundu. Bomba la maji machafu hupakwa jeusi lote. Halafu unaandika kwa maneno, kwa sababu kuna watu macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na kuna taa ambazo chini yake kila kitu ni rangi ya uji. Unaweka mshale wa kuonyesha maji yanakokwenda. Unaweka alama penye koki, penye kila njia panda, na pande zote mbili za kila ukuta ambao bomba linaupita. Pande zote mbili, jamani. Bomba likiingia ukutani huwezi kulidhamini mpaka ulione likitoka.

Na ni ukuta ndio uliomharibia mumewe jina.

Miaka saba iliyopita, katika hospitali hiyo hiyo, fundi wa zamu alikwenda kubadilisha bomba lililokuwa likivuja kwenye chumba cha kufulia. Kwenye ujia ulio nyuma ya chumba kile kuna mabomba mawili yanayotoka ukutani, moja juu na moja chini. La juu lilikuwa limeandikwa MAJI MOTO. Akafunga koki ya la juu, akamwambia dobi, mwanamke aliyekuwa akifua pale, ashike ndoo chini, maji moto yamekatwa. Akafungua lile bomba linalovuja. Maji yaliyotoka yalikuwa karibu kuchemka, na yalimmwagikia dobi mkono mzima na upande wa kifua. Yule dobi alilazwa miezi minne, ghorofa ya tatu, akisikia mashine zake mwenyewe zikizunguka chini.

Ikaundwa kamati. Kamati ikamuuliza mume wa Mama Milia ni nani aliyeweka alama upande ule wa ukuta. Akasema ni yeye. Hakuongeza neno. Wakanyang'anywa kazi, na majengo mengine matatu yakawafungia mlango, kwani habari mbaya haihitaji nauli. Mama Milia alichukia, na hasira zake alizipeleka nyumbani. "Wewe!" alimwambia. "Wewe uliyenifundisha tusiweke alama kabla ya kugonga! Umemuunguza mtoto wa watu!" Alimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Alimwambia mbele ya dada zake. Mume akawa ananyamaza, anachukua redio yake anakwenda kukaa nje. Miaka mitano baadaye moyo wake ukasimama akiwa amekaa hapo hapo nje, na mambo yakawa yamekwisha bila kusemwa.

Lakini ukishamzika mtu unapata muda wa kufikiri, na Mama Milia alifikiri. Mumewe alikuwa mtu wa kurudi ghorofa ya nane kuangalia tena koki aliyokwisha kuiangalia. Mtu kama huyo anakosea vipi kitu cha darasa la kwanza? Ikamwingia akilini kwamba huenda hakukosea kabisa. Huenda alama ilikuwa sahihi, na fundi wa zamu ndiye aliyefunga koki isiyo yake, kisha wakubwa wakaona ni rahisi kumtupia mzigo mtu wa nje. Wazo hilo lilimkaa kooni miaka miwili. Ikiwa ni kweli, basi alimtesa mume wa haki mpaka kaburini, na angalau angeweza kumsafisha jina.

Kwa hiyo hospitali ilipotaka kuunganisha laini mpya ya zimamoto, na mhandisi mpya akatangaza kwamba mabomba yote ya chini yafuatiliwe na kuwekwa alama upya kabla ya mtu kukata chochote, Mama Milia alikuwa wa kwanza kufika. Mhandisi alikuwa binti mdogo wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani, hajui habari za zamani.

"Mama, umeshawahi kufanya kazi jengo hili?"

"Nalijua kidogo, mwanangu," alisema Mama Milia.

Huko chini ardhini hakuna mchana. Juu jua linawaka, watu wanapanga foleni ya dawa. Ukishuka ngazi ishirini na mbili unaingia mahali ambapo hewa ina uvuguvugu wa pumzi. Taa moja inawaka, moja inakufa. Mabomba yamepita dari nzima, yamevishwa sufi na turubai yote, ya moto ili yasipoteze joto, ya baridi ili yasitoe jasho, hata ukiyashika yote ni mamoja, kama mikono ya watu waliovaa glavu. Na yanasema. Maji yakipita yananong'ona, koki ikifungwa ghorofani yanashtuka. Mtu mgeni anageuka nyuma kila baada ya dakika.

Mwenyeji wa huko alikuwa mzee wa boila waliyemwita Mvuke, mtu wa maneno mengi, aliyekaa na boila lake kuliko alivyokaa na mkewe, na mwenyewe alisema boila ndilo lenye afadhali kwa sababu lina kipimo cha hasira. Mvuke alimkumbuka Mama Milia mara moja, akamshika mkono, akampa pole ya mumewe, kisha akageuka kutazama kipimo cha boila.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nilidhani hutarudi huku."

"Nimerudi kazini. Kuna ubaya?"

"Ubaya hakuna. Ila huku chini..." Akajikuna kichwa. "Basi, kazi njema. Ukinihitaji nipo."

Siku tatu za kwanza zilikwenda salama. Alifuata bomba jeusi la maji machafu kutoka ukutani hadi kwenye shimo la nje. Alikuta kipande cha laini ya zimamoto ambacho mtu fulani, Mungu anamjua, alikipaka bluu, akakirudisha kwenye wekundu wake. Kila bomba aliligonga kabla ya kuliwekea alama. Namna yao ya kugonga ilikuwa hii: anayegonga anapiga mara tatu kwa spana, yule wa upande wa pili anatafuta bomba linalolia, akilipata anajibu mara mbili juu yake. Mumewe alikuwa na nyongeza yake. Akishajibu mara mbili anaburuta spana kidogo kwenye chuma, krrr, kama mtu anayesafisha koo. Mama Milia alimkataza miaka yote kumi na tisa kwa sababu meno yake yalikuwa yanauma akiisikia.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya ukuta. Upande wa boila mabomba mawili yanaingia: la juu ni la moto, linatoka kwenye tangi la boila, unaliona kwa macho yako, la chini ni la baridi. Alikubaliana na Mvuke kwamba azunguke na ufunguo wa ujia, asimame upande wa pili, asikilize. Mama Milia akangoja mpaka akadhani mwenzake ameshafika. Akafunua turubai kidogo penye chuma kitupu, akagonga bomba la chini. Tatu.

Kimya. Halafu jibu likaja. Mbili.

Halafu krrr.

Alisimama na spana hewani. Akajiambia ni Mvuke anafanya mzaha, mzee mzima hana adabu. Akagonga tena, bomba lile lile, kwa nguvu zaidi. Tatu. Jibu likaja upesi, kama la mtu aliyekuwa ameshakaribia: mbili, na ule mburuto, taratibu. Meno yakamuuma.

"Mvuke!" aliita ukutani. "Acha upuuzi, mtu amekufa huyo!"

"Nani amekufa?" Sauti ilitoka nyuma yake. Mvuke alikuwa anashuka ngazi na vikombe viwili vya chai. "Shemeji, umeanza bila mimi? Yule binti amenishika huko juu, anataka hesabu ya mafuta tangu enzi za babu. Sijafika hata mlangoni." Akatikisa mfuko wa suruali, ufunguo ukalia.

Mama Milia alishusha spana. Mvuke alimtazama usoni, akaweka vikombe chini, akamwambia akae. Hakukaa. Akamweleza alichosikia. Mvuke akasema bomba likipata joto linajinyoosha kama mtu aliyeamka, linasugua vyuma vinavyolishika, hata yeye humshtua mara kwa mara. Ni kweli, mabomba hufanya hivyo. Mama Milia aliijua habari hiyo kabla ya Mvuke kuwa na mvi. "Lakini bomba la chini ni la baridi, shemeji," alisema. "Bomba la baridi linajinyooshea nini?"

"Basi mimi sijui," alisema Mvuke kwa sauti ndogo. "Nimekuwa nikilisikia mwaka wa pili huu. Nilidhani ni uzee."

Walizunguka pamoja. Ujia ulikuwa umefungwa, kufuli ina vumbi. Mvuke alifungua, akapapasa swichi. Taa ikawaka, na palikuwa patupu: sakafu ya saruji, ndoo iliyotoboka, na mabomba mawili yanatoka ukutani yamevaa turubai lake. Vumbi la sakafuni lilikuwa zima, hakuna unyayo. Kutoka upande wa pili wa mlango wa mbao zilisikika mashine za kufulia. Mama Milia alimtuma Mvuke arudi upande wa boila agonge, na mwenzake akafurahi kuondoka.

Mvuke aligonga bomba la chini. Tatu. Na huku kwenye ujia, lililolia ni la juu.

Akagonga la juu. Likalia la chini.

Kwa hiyo mabomba yalipishana ndani ya ukuta. Aliyejenga, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliyakata kona humo ndani, yakaingia hivi yakatoka vile. Mtu akiangalia upande mmoja tu angeapa kwamba la juu ni la juu. Alama zilizokuwepo sasa zilikuwa sahihi: bluu kwenye la juu, damu ya mzee kwenye la chini, kwa mkono wa mumewe. Hizo ndizo alizoziweka baada ya ajali, kamati ikiwa imesimama nyuma yake. Swali la Mama Milia lilikuwa chini ya rangi hiyo. Kabla ya ajali paliandikwa nini?

Alikaribia bomba la juu, akapitisha kidole kwenye bluu. Palikuwa na uvimbe. Rangi ilipakwa nzito, tabaka juu ya tabaka, na chini yake kulikuwa na ukingo wa mkanda wa gundi. Alishangaa, kwa sababu hilo lilikuwa mwiko mkubwa wa mumewe. Mkanda wa zamani haupakwi juu, unabanduliwa, unakwanguliwa mpaka turubai, kwa sababu rangi ya juu ikichoka, uongo wa chini unatoka tena. Mtu huyo alimfukuza kibarua kazini kwa kosa hilo hilo. Na hapa alilifanya yeye, kwa haraka, kwa unene, kama anayefukia kitu.

Alitoa kisu cha kukwangulia. Bluu ikatoka kwa magamba. Chini ya bluu kijani, chini ya kijani nyeupe, na baada ya nyeupe, damu ya mzee. Ilikuwa mbichi kana kwamba imebandikwa asubuhi ile. Herufi zikaanza kutoka moja moja: M, A, J, I. Halafu M nyingine.

Basi alikosea, aliwaza Mama Milia, na matumaini yake ya miaka miwili yakaanguka chini pale pale. Alikosea kweli. Hakusingiziwa. Akaegemea ukuta akamwonea mumewe huruma, na akajionea huruma mwenyewe, na alitaka kulia lakini kisu kilikuwa bado mkononi, akaendelea kukwangua kwa sababu ya mazoea tu, mpaka akafika mwisho wa mkanda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu wa mkono wa kulia akizungusha mkanda kwenye bomba, anashika ncha kwa kushoto, anavuta kwa kulia, anaupitisha juu, na pale unapoishia, ncha ya juu inaelekea upande mmoja. Kila mara upande ule ule, hata akiwa amelewa. Mume wa Mama Milia alikuwa wa kulia. Mikanda yake yote jengoni humo, Mama Milia aliikwangua siku tatu, yote ilielekea kule. Huu ulielekea huku.

Mama Milia ni mashoto. Shuleni walimchapa hadi wakachoka, hakubadilika.

Alibaki anautazama ule mkanda, na ile siku ikamrudia nzima, jinsi siku ambayo hukuitilia maanani inavyoweza kukaa mahali ikikungoja. Yeye alikuwa huku kwenye ujia, mumewe upande wa boila. Walikuwa wamegonga mabomba thelathini. Yalibaki mawili. Binti yao alikuwa na homa nyumbani kwa jirani, na saa ilikuwa imekwenda. Aliwaza: kule kwa boila la juu limeandikwa moto, basi na huku la juu ni moto, ukuta wenyewe si hata hatua moja. Akabandika. Akakusanya vitu vyake. Na mumewe akaita kupitia ukuta, sauti yake ikisikika kwa mbali sana, "Umemaliza?"

"Nimemaliza!"

"Uligonga?"

"Niligonga!"

Mumewe hakwenda kuangalia. Mtu aliyerudi ghorofa ya nane kwa ajili ya koki, hakuzunguka ukuta mmoja, kwa sababu aliyesema ameligonga alikuwa mkewe.

Miaka mitano. "Umemuunguza mtoto wa watu." Na yeye kimya, anachukua redio. Aliujua mkanda alipouona tu, siku ile ya kamati, angewezaje kutoujua? Akachovya brashi akaufunika mbele ya macho yao, mzito, upesi, asije mtu mwenye jicho la kazi akasoma ncha yake. Na mtu pekee duniani mwenye jicho hilo alikuwa nani, kama si mkewe?

Mvuke alimkuta amekaa sakafuni. Akamuuliza kama amesikia tena. Akasema hapana, sasa kumenyamaza. Na kweli kulikuwa kumenyamaza. Hata maji hayakunong'ona.

Alipanda kwa mhandisi na rangi ya bluu ikiwa bado kwenye kucha. Alieleza yote bila kukaa: mabomba yamepishana ukutani, yaandikwe kwenye mchoro leo hii kabla watu wa zimamoto hawajaleta misumeno yao. Kisha akaeleza lile la pili. Binti alivua miwani.

"Mama, faili lile lilifungwa. Marehemu alikiri."

"Lifungue. Marehemu alidanganya."

"Unajua nikiandika hivi, naweza nikalazimika kukuondoa kazini?"

"Andika, mwanangu. Halafu kama utaniacha au utaniondoa, mabomba yote niliyoyawekea alama wiki hii mtafute mtu wa pili ayagonge upya. Usimwamini mtu anayekwambia amegonga. Hata mimi. Hasa mimi."

Mhandisi aliandika. Aliandika muda mrefu, na hakusema ataamua nini.

Ilibaki mlango mmoja. Yule dobi hakuwahi kuhama. Alirudi kwenye chumba chake cha kufulia baada ya kupona, na mkono ule alikuwa anaufunika kwa shati la mikono mirefu hata wakati wa joto. Mama Milia alikuwa amekutana naye mara mbili wiki ile, wamesalimiana kwa heshima, "pole na kazi," "nimeshapoa," kila mtu na njia yake. Sasa aliingia. Mashine zilikuwa zinazunguka, sakafu ina maji, na yule mama alikuwa peke yake mezani anakunja shuka. Umri wao ulikuwa mmoja.

"Dada," alisema Mama Milia. "Ule mkanda wa siku ile. Mume wangu hakuubandika. Niliubandika mimi. Sikugonga, nikasema nimegonga."

Dobi alikunja shuka lile mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja cha ule mkono.

"Mumeo alikuja wodini siku ya tatu," alisema. "Alisimama mlangoni kama mwizi. Akaniambia, dada, ni mkono wangu. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Akarudi wiki ya pili, nikamtukana. Akarudi. Kila Ijumaa, na mfuko wa machungwa, na mimi kila Ijumaa naagiza yatupwe. Mwezi wa sita, nishatoka hospitali, yeye bado anakuja mpaka kwangu, nikachoka kumchukia. Nikamsamehe. Alilia mtu mzima yule, sijapata kuona."

"Hakuniambia," alisema Mama Milia. Ijumaa alikuwa akimuaga kwamba anakwenda kutafuta kazi.

"Sasa umekuja na wewe unaniambia hakuwa na kosa." Dobi alichukua shuka jingine. Hakupandisha sauti. "Ule msamaha nilimpa yeye, na amekwenda nao. Siwezi kwenda kuufukua nikupe wewe."

Mama Milia alipiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji. Ovaroli ikalowa mpaka mapajani, maji yalikuwa ya moto. Alisema nisamehe, akalisema tena, na machozi ambayo hakuyatoa kwenye ujia wala kwenye mazishi yakatoka yote.

Dobi alimwacha akamaliza. Akakunja shuka, pembe kwa pembe, akaliweka.

"Leo sina," alisema. "Njoo Ijumaa ijayo."